"Mama alichelewa": maneno mawili kwenye fomu, na historia yake

SEHEMU YA 1: Sentensi inayomaliza mjadala

Wiki hii nina mada ndefu kidogo, nimeigawa sehemu sita ili usome hata ukiwa unanyonyesha. Ni historia ya karatasi. Najua, karatasi haivutii. Lakini hii inaandikwa pale mama anapofariki kwa uzazi, au anapokaribia kufa halafu akapona, na kilichoandikwa humo ndicho kinachoamua kama mama wa kesho atakutana na tatizo lile lile.

Mama akinusurika, siku inayofuata kuna mtu lazima aandike kilichotokea. Mara nyingi sentensi ya kwanza inakuwa fupi tu: "Mama alichelewa kufika kituoni."

Ukiisoma haraka unaona ni taarifa. Isome tena polepole. Hakuna saa ndani yake. Hatuambiwi aliondoka nyumbani saa ngapi wala alifika saa ngapi. Hatujui alichelewa kwa kulinganisha na nini. Ila lawama imo tayari, na imeelekezwa kwa mama ambaye wakati huo yuko kitandani na dripu, hana hata habari kwamba kuna fomu inaandikwa.

Kwa hiyo kwenye karatasi moja kuna vitu viwili. Kuna kilichoonekana: kilichopimwa, kilichosikika, saa iliyosomwa ukutani. Na kuna kinachodhaniwa, yaani maelezo ya kwa nini. Vyote vinahitajika. Shida inakuja vikiandikwa kwenye mstari mmoja kana kwamba ni kitu kimoja. Hapo dhana inavaa nguo za ukweli, na hakuna anayeuliza tena.

Watu wamehangaika na jambo hili kwa zaidi ya miaka 70, na sehemu moja muhimu ya hadithi hiyo ilitokea hapa hapa Tanzania. Tuanzie mbali kidogo, halafu turudi Mara.

SEHEMU YA 2: Neno lililowaponza Waingereza

Mwaka 1952 Uingereza na Wales walianza uchunguzi wa siri wa vifo vya akina mama. Kila mama aliyefariki kwa uzazi alifunguliwa fomu. Waliomhudumia waliandika walichokifanya na walichokiona. Kisha fomu ilipelekwa kwa daktari bingwa ambaye hakuwepo siku ile, naye akaweka maoni yake kuhusu sababu. Majina yaliondolewa, taarifa zikajumlishwa, na ripoti ikatoka kila baada ya miaka mitatu.

Angalia mpangilio ule. Aliyekuwepo anasema alichoona. Asiyekuwepo anasoma, analinganisha, ndipo anatoa maoni. Watu wawili, nafasi mbili, kazi mbili. Tayari kuna ukuta kati ya jambo lililoonekana na sababu.

Lakini bado neno moja liliwaponza. Kwenye ripoti zao walikuwa wanahesabu "mambo yaliyoepukika". Waliokuwa wanapanga walimaanisha kitu cha kawaida tu: huduma fulani haikufuata kiwango kinachokubalika wakati ule. Mfano, presha ilipaswa kupimwa na haikupimwa. Wasomaji, wakiwemo madaktari wenyewe, wakaelewa kitu kingine kabisa: kwamba jambo lile lisingetokea, mama angepona.

Sasa hayo ni madai mawili tofauti sana. "Presha haikupimwa" unaweza kuthibitisha kwa kufungua faili. "Ingepimwa, angepona" huwezi kuithibitisha kwa faili. Pengine angepona, pengine ugonjwa ulikuwa umeshafika mbali. Neno moja lilikuwa limebeba yote mawili, na kila msomaji akachukua aliyotaka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaliacha neno hilo. Wakaanza kuandika "huduma iliyo chini ya kiwango". Siyo maneno matamu, lakini yanasema jambo moja tu: kuna kiwango, na huduma haikukifikia. Kama ndicho kilichomuua mama, hilo lijadiliwe peke yake, kwa ushahidi wake.

Kumbuka hadithi hii unaposikia mtu anasema "kifo hiki kingeepukika". Muulize kwa upole: umeona nini, na unadhani nini?

SEHEMU YA 3: Kigoma, 1984 hadi 1991

Turudi nyumbani. Miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa na hali ngumu ya uchumi, wazazi wetu wanaikumbuka vizuri. Kwenye hospitali yoyote ya mkoa ilikuwa rahisi kuandika sababu moja kwa kila kifo cha mama: hatuna vifaa. Na kweli vifaa vilikuwa shida.

Katika Hospitali ya Mkoa wa Kigoma alikuwepo daktari aitwaye Godfrey Mbaruku. Yeye hakuanza na sababu. Alirudi kwenye kumbukumbu za vifo vya akina mama vya mwaka 1984 hadi 1986 na kuzichambua, ili kuona hasa kilitokea nini hospitalini pale. Kutokana na uchambuzi ule ilipatikana orodha ya mambo 22 ya kurekebisha, na kuanzia 1987 wakaanza kuyafanyia kazi huku wakihesabu vifo kwa makini hadi 1991. Matokeo aliyachapisha mwaka 1995 pamoja na Staffan Bergström, daktari kutoka Sweden.

Baadhi ya mambo kwenye orodha ile utayatarajia: damu ya kuongezea wagonjwa, dawa muhimu, utaratibu wa kuhamisha mgonjwa mahututi. Lakini kuna mengine ambayo huwezi kuyapata ukiwa umeshaandika "hatuna vifaa" na kufunga faili. Kulikuwa na ratiba ya kufanyia matengenezo vifaa vilivyopo. Kulikuwa na malalamiko ya wananchi kuhusu huduma. Na kulikuwa na hili ninalolipenda zaidi: umbali ambao wafanyakazi muhimu wanasafiri kutoka nyumbani kwao hadi hospitali.

Fikiria hilo la mwisho. Mama anahitaji upasuaji usiku. Vifaa vipo, lakini mtu wa kuvitumia anakaa mbali na lazima afuatwe. Ukiandika "upasuaji ulichelewa kwa ukosefu wa vifaa", umefunga mlango. Ukiandika saa uamuzi ulipofanyika, saa mhusika alipoitwa na saa alipofika, umbali unajitokeza wenyewe kwenye karatasi. Hakuna haja ya kumlaumu mtu. Saa zinasema.

Vifo vilishuka kutoka 933 kwa kila vizazi hai 100,000 hadi 186. Punguzo kubwa mno, na kwa gharama ndogo.

Lakini na hapa tutumie kanuni yetu wenyewe, tusiwe wepesi. Kilichoonekana ni kwamba vifo vilishuka katika miaka ile mambo 22 yalipokuwa yanafanyiwa kazi. Kwamba mambo hayo ndiyo yaliyovishusha ni hitimisho. Ni hitimisho lenye nguvu, lakini hapakuwa na hospitali ya pili ya kulinganisha, na mambo 22 yakifanyika pamoja huwezi kujua lipi lilibeba mzigo mkubwa. Kusema hivyo hakumpunguzii Mbaruku heshima.

SEHEMU YA 4: "Nusura afe" maana yake nini?

Vifo, hata vikiwa vingi kitaifa, kwenye kituo kimoja ni vichache. Hospitali ya wilaya inaweza kukaa miezi bila kifo cha mama, na kila mtu akaamini mambo ni shwari. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani mwaka 2009 lilitaka tuchunguze pia akina mama walionusurika: mama aliyekaribia kufa kwa tatizo la ujauzito, la kujifungua au la ndani ya siku 42 baada ya ujauzito kuisha, lakini akapona. Faida yake kubwa ni kwamba huyu mama yupo. Anaweza kuulizwa.

Swali likawa: nani aseme mama huyu alikaribia kufa? Nesi mmoja anaweza kusema "huyu alikuwa anaondoka", mwingine aliyezoea mengi akasema "kawaida tu". Hiyo ni hisia. Shirika likaweka vigezo 25 vinavyoonekana au kupimika, kwa mfano mama kupoteza fahamu kwa saa 12 au zaidi, kutolewa mfuko wa uzazi kwa sababu ya damu au maambukizi, au kuongezewa damu chupa 5 au zaidi. Lengo lilikuwa lile lile la kutenganisha kinachoonekana na kinachodhaniwa.

Hapo ikajitokeza hitilafu ambayo ilionekana vizuri Tanzania. Watafiti walivijaribu vigezo hivyo katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Waliona kwamba kigezo cha chupa 5 kinawaacha nje akina mama wengi waliokuwa hatarini kweli, wakapendekeza kishushwe hadi chupa 1.

Kwa nini? Kwenye hospitali yenye benki kubwa ya damu, idadi ya chupa inakuonyesha mama alipoteza damu kiasi gani. Kwenye hospitali ambayo damu ni ya kutafuta kwa ndugu, mama anayehitaji 5 anaweza kupewa 2 kwa sababu ndizo zilizopatikana. Namba "2" ni kweli tupu, imeandikwa sahihi, lakini inapima friji ya damu na siyo hali ya mama.

Hata jambo lililoonekana, basi, linahitaji kuandikwa vizuri. "Aliongezewa chupa 2" haitoshi. Andika "ziliombwa chupa 4, zilipatikana 2". Maneno machache tu yaliyoongezwa, na picha imebadilika.

SEHEMU YA 5: Twende Butiama, tuandike fomu

Nchini kwetu, Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kufuatilia vifo vya mama na mtoto mchanga mwaka 2015. Kifo kitolewe taarifa ndani ya saa 24, kikao cha kukipitia kifanyike ndani ya siku 7, na wahusika wakae bila kutajana majina wala kulaumiana. Kikao cha aina hiyo hiyo kinaweza kufanyika kwa mama aliyenusurika.

Taarifa za mgonjwa wa kweli haziletwi hapa, kwa hiyo mfano huu nimeutunga. Mama wa watoto watatu, mimba ya nne, anaishi kijiji kimoja ndani ya Wilaya ya Butiama. Alijifungulia zahanati, akatokwa damu nyingi, akahamishiwa hospitali Musoma, akapona. Fomu ya kwanza ikaandikwa hivi:

"Mama alichelewa kufika kituoni. Alikuwa ametumia dawa za kienyeji. Alipata damu nyingi baada ya kujifungua. Alipewa huduma zote na kupewa rufaa kwa wakati."

Sentensi nne. Damu ilionekana, ingawa hata hiyo haijasemwa ni kiasi gani. Zingine tatu ni dhana. Sasa tuiandike upya, kila jambo na chanzo chake:

Uchungu ulianza saa 12 jioni (amesema mama, na mama mkwe wake amesema hivyo hivyo).
Aliondoka nyumbani kwa bodaboda saa 2:30 usiku (mama mkwe).
Alipokelewa zahanati saa 3:10 usiku, njia imefunguka sentimita 8, presha 110/70 (rejista).
Alijifungua saa 4:25 usiku. Alichomwa oksitosini yuniti 10 saa 4:26 (rejista).
Kondo la nyuma lilitoka saa 4:40. Haikuandikwa kama lilikaguliwa.
Saa 4:55 vitenge viwili na shuka moja vilikuwa vimelowa damu. Presha 90/60, mapigo ya moyo 118.
Aliwekewa dripu lita 1. Oksitosini nyingine haikutolewa. Kitabu cha dawa kinaonyesha salio 0.
Gari la wagonjwa liliitwa saa 5:05, lilifika saa 6:50 usiku. Kitabu cha gari kinaonyesha lilikuwa Bunda limepeleka mgonjwa mwingine.
Alifika hospitali saa 7:40 usiku, presha 70/40, mapigo 140. Kipande cha kondo kilitolewa. Damu ilipungua baada ya hapo. Ziliombwa chupa 4 za damu, zilipatikana 2.
Kwenye mfuko wa mama kulikuwa na majani makavu (aliyaona nesi wa zahanati).

Haya, sasa tuzichukue zile sentensi.

"Mama alichelewa." Safari yake kutoka nyumbani ilikuwa dakika 40, na alifika zahanati saa 1 na robo kabla ya kujifungua. Damu ilianza baadaye. Kutoka damu ilipoonekana hadi kufika hospitali ni saa 2 na dakika 45, na kati ya hizo saa 1 na dakika 45 ni kusubiri gari. Kuchelewa kupo, lakini hakukuwa kwa mama.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waligawa kuchelewa mara tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kupata huduma ukishafika. Mgawanyo huo unafundishwa sana na unasaidia. Ila ukianza kwa kuweka tiki kwenye "kuchelewa kwa kwanza" kabla hujaandika saa hata moja, umegeuza msaada kuwa hukumu. Saa kwanza, tiki baadaye.

"Alitumia dawa za kienyeji." Kilichoonekana ni majani kwenye mfuko. Hakuna aliyemwona akinywa. Inawezekana alikunywa, inawezekana ni ya kuoshea mtoto, inawezekana mama mkwe aliyaweka bila hata yeye kujua. Njia ya kujua ni moja, aulizwe vizuri akipata nafuu, bila kufokewa. Mpaka hapo inabaki kwenye safu ya dhana, na pembeni yake yaandikwe maneno "bado hajaulizwa".

"Alipewa huduma zote." Salio la oksitosini lilikuwa 0. Sentensi imekufa hapo.

Sasa kuna sababu ipi yenye ushahidi? Kipande cha kondo kilichobaki. Kilionekana, kilitolewa, na damu ikapungua baada ya kutolewa. Hata hapo tuandike "inaelekea sana kuwa sababu" na tueleze kwa nini tunaamini hivyo. Hiyo ndiyo tofauti ya dhana iliyopimwa na dhana iliyookotwa.

Na angalia kinachofuata. Fomu ya kwanza ingezaa pendekezo gani? "Akina mama waelimishwe kuwahi kituoni." Mama huyu aliwahi! Wangefundishwa hadi wachoke na mwenzao wa mwezi ujao angetokwa damu vile vile. Fomu ya pili inazaa mapendekezo matatu yanayoshikika: kondo likaguliwe na iandikwe kwamba limekaguliwa, akiba ya oksitosini isifike 0, na ijulikane mapema nani ataitwa gari likiwa limeshatoka.

SEHEMU YA 6: Mitego, na nafasi yako wewe

Niwape mitego mitatu, maana hata mwenye nia njema hunaswa.

Wa kwanza ni saa. Sisi tunasema "saa nne", fomu nyingi zinataka 22:00. Mama anasema "nilifika saa nne", mwandishi aliyechoka anaandika 4:00, na msomaji wa kikaoni anaelewa saa kumi alfajiri. Tayari mama "amechelewa" kwa saa 6 ambazo hazikuwahi kuwepo. Ukiulizwa, taja saa na wakati wake: saa nne usiku, saa nne asubuhi. Kama hukuwa na saa, taja kilichokuwa kinaendelea, mfano "taarifa ya habari ya saa mbili usiku ilikuwa inaanza". Hiyo inahesabika.

Wa pili ni damu kwa macho. Kitaalamu damu nyingi baada ya kujifungua ni mililita 500 au zaidi, lakini jicho la mtu hukadiria pungufu, hasa damu ikiwa imemwagika kwenye kitenge na godoro. "Damu kidogo" ni maoni. "Vitenge viwili vimelowa" ni jambo lililoonekana. Bora zaidi ni kupima. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2023, uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulitumia shuka maalumu la plastiki lenye mfuko na alama za vipimo, likaambatana na kutoa matibabu yote kwa pamoja mara tu alama ikifikiwa. Matatizo makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60.

Wa tatu ni nafasi iliyoachwa wazi. Rudi kwenye mfano wetu: "Haikuandikwa kama kondo lilikaguliwa." Je, halikukaguliwa? Hatujui bado. Haikuandikwa na haikufanyika ni vitu viwili. Nesi aliyekuwa peke yake usiku ule, mikono yote miwili inakanda tumbo la mama, anaweza kuwa alikagua na hakupata nafasi ya kushika kalamu. Tumuulize. Na hatatuambia kweli kama anajua jibu lake litageuka barua ya onyo. Ndiyo maana Waingereza waliondoa majina, na mwongozo wetu unakataza lawama kikaoni. Penye hofu, safu ya kilichoonekana inaachwa tupu na safu ya dhana inajaa.

Kanuni hii hii inatulinda sisi wauguzi, lakini inawafunga pia na nyinyi. Ndugu akipata shida hospitalini, nje ya wodi maneno huanza: "manesi wamemuua", "walikuwa wanachati". Pengine kweli kulikuwa na uzembe. Lakini "walikuwa wanachati" haitafuatiliwa na mtu. "Nilimwita nesi saa 8 usiku akiwa mezani ana simu mkononi, akaja saa 8:40, mke wangu alikuwa ameshalowa" inafuatiliwa, kwa sababu ina saa, ina mahali, ina kilichoonekana. Ukipeleka kwenye sanduku la maoni au kwa mganga mfawidhi, peleka hiyo ya pili.

Kwa hiyo, anayemsindikiza mama kujifungua, awe mume, dada au mama mkwe, awe na simu au kipande cha karatasi. Nyuma ya kadi ya kliniki siyo mahali pake, hiyo tuachieni. Aandike saa uchungu ulipoanza, saa mlipotoka nyumbani, saa mlipopokelewa, saa mtoto alipozaliwa, na kama kuna shida, saa mlipoomba msaada na saa ulipofika. Asiandike kwa nini, bado. Aandike siku hiyo hiyo, kabla ndugu hawajakaa kusimuliana, kwa sababu mkishasimuliana mara tatu kila mtu atakumbuka hadithi ya mwenye sauti kubwa.

Na wewe mama uliyenusurika, ukifuatwa kitandani kuulizwa, una haki ya kuuliza mmeandika nini. Ukisomewa "mama alichelewa", sema tu, "Nesi, naomba uandike niliondoka nyumbani saa ngapi." Sentensi hiyo haina ugomvi ndani yake, na mwandishi mwenye busara atachukua kalamu.

Nikipata nafasi, sehemu ya nyongeza itakuwa kuhusu watoto wachanga na neno "amechoka", ambalo nalo limeficha mengi. Wenye maswali andikeni hapo chini, nitajibu nikitoka zamu.